Nani Atajibu Barua Pepe kwa Siku 84?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyohiyo inakataza afanye kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa afya yake inaruhusu. Hata hivyo wapo wazazi wengi ambao simu ya ofisi huwafikia wakiwa bado wodini: mteja anadai alituma nyaraka, bosi anaulizia ankara, mwenzao wa meza ya pili anaomba nywila.

Simu hizo huzuilika. Kinachotakiwa ni makabidhiano ya barua pepe yafanyike mapema na kwa njia inayofaa, na njia inayofaa si ile inayokuja akilini kwanza.

Tumchukulie mfano afisa wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Kwenye sanduku lake huingia notisi za kuwasili kwa meli, ankara za mawakala wa meli, maswali ya wateja na nyaraka za mizigo. Kila kontena hupewa siku chache za kukaa bila tozo. Zikipita, gharama huanza kuhesabiwa kila siku na mteja ndiye anayelipa. Notisi moja ikilala wiki nzima bila kusomwa, hasara yake huonekana kwenye ankara. Afisa huyu anatarajia kujifungua mwishoni mwa Juni, na kazi zake zitakaimiwa na mwenzake wa ofisini.

Wengi hukimbilia kumpa mwenzao nywila. Ugumu hujitokeza siku ileile, kwa sababu akaunti nyingi za kazi sasa hudai uthibitisho wa pili: anayekaimu akiingia kwa kompyuta yake, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu ya aliye hospitali. Hata hilo likivukwa, barua zote zitakazotoka zitaonekana zimeandikwa na mwenye akaunti, na likitokea jambo baya hakuna atakayeweza kuonyesha nani alibonyeza nini. Tena mwenye nywila hiyo anaweza kubadili mipangilio yote, ikiwemo nywila yenyewe.

Wengine huamuru barua zote zisambazwe kwenda kwa mwenzao. Njia hii inaonekana salama zaidi, lakini ina kasoro ambayo hugundulika likizo inapokwisha. Anayekaimu hujibu kutoka kwenye anwani yake, mteja naye anamjibu kwenye anwani hiyohiyo, na kuanzia hapo mazungumzo yamehama. Afisa anaporudi mwezi wa tisa anakuta maswali tu kwenye sanduku lake. Majibu yote, pamoja na ahadi zilizotolewa na bei zilizokubaliwa, yamo kwenye sanduku la mtu mwingine. Zaidi ya hayo, usambazaji unagusa barua mpya peke yake: mazungumzo ya miezi iliyopita, ambayo ndiyo anayekaimu anayahitaji ili aelewe mteja anazungumzia nini, hayaendi kokote.

Njia iliyotengenezwa kwa kazi hii ni kumkasimisha mtu akaunti. Katika Gmail ya ofisi, mwenye akaunti hufungua mipangilio kwa kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu hiyo, kisha hufuata `See all settings`, `Accounts`, na `Grant access to your account`. Hapo huandika anwani ya mwenzake. Kwenye akaunti binafsi ukurasa huo unaitwa `Accounts and Import`. Kama sehemu hiyo haionekani kabisa, msimamizi wa mfumo wa ofisi hajaifungulia, na yeye ndiye wa kuombwa.

Mwenzake hupokea mwaliko ambao asipoukubali ndani ya siku 7 unakufa. Akiukubali, inaweza kuchukua hadi saa 24 kabla ya kuanza kufanya kazi. Ndiyo maana jambo hili halifai kuachiwa Ijumaa ya mwisho jioni. Baada ya hapo anabaki kwenye akaunti yake kwa nywila yake, anabonyeza picha yake juu kulia, na sanduku la pili linafunguka. Humo anasoma, anajibu na anafuta, lakini hawezi kubadili nywila. Kila alichojibu kinabaki kwenye barua zilizotumwa za mwenye akaunti, kando ya swali lililojibiwa. Kuna pia chaguo la kuonyesha jina la aliyetuma, `Show this address and the person who sent it`, nalo ni bora liwashwe: mteja ana haki ya kujua anazungumza na nani.

Mpaka wa njia hii uelezwe wazi. Gmail haikuruhusu kumpa mtu nusu ya sanduku. Anayekasimishwa anaona kila kitu, cha leo na cha miaka mitatu iliyopita: hati za mshahara, barua ya kliniki, malalamiko yaliyopelekwa utumishi. Kwa hiyo kabla ya kumwongeza mtu, afisa wetu anatafuta barua zake binafsi, anazipeleka kwenye akaunti ya nyumbani na kuzifuta kazini, huku akiiomba idara ya utumishi itumie anwani ile nyingine kwa miezi hiyo. Ofisi zinazotumia Outlook zina nafuu hapa, kwa kuwa ruhusa inaweza kutolewa kwa folda moja moja na kwa viwango: mmoja asome tu, mwingine asome na kuhariri.

Je, usambazaji hauna kazi tena? Unayo, lakini ndogo na mahususi. Unafaa kwa barua za aina moja ambazo hazihitaji majadiliano na ambazo mwenyewe halisi ni mtu mwingine. Katika mfano wetu ni ankara za mawakala wa meli, ambazo mhasibu anazihitaji saa ileile. Kwanza anwani ya mhasibu inaongezwa kwenye `Forwarding and POP/IMAP`, naye anathibitisha kwa kiungo atakachopokea. Usambazaji wa barua zote unaachwa umezimwa. Kisha kinatengenezwa kichujio chenye masharti kama haya:

```
from:(kampuni-ya-meli.co.tz) subject:(invoice)
```

Kwenye hatua inayofuata panawekwa alama kwenye `Forward it to`, na pia `Never send it to Spam`. Alama ya `Skip the Inbox` isiguswe, kwa sababu ikiwekwa, ankara zitapita pembeni na anayekaimu hatajua kama zimefika. Kichujio kijaribiwe kwa barua halisi kabla ya siku ya kuondoka, hasa kama barua zinatoka nje ya ofisi. Microsoft 365, kwa mfano, huzuia usambazaji wa moja kwa moja kwenda anwani za nje mpaka msimamizi auruhusu.

Jibu la otomatiki ni fupi. Linataja tarehe ya kurudi, jina la anayekaimu na simu ya ofisi. Gmail hulituma kwa mtu yuleyule mara moja kila siku 4 hata akiandika kila saa. Sababu ya likizo haina haja ya kutajwa.

Sasa iko taarifa ya makabidhiano, na hapa ndipo muda unapotakiwa kutumika. Mwenzake ameshafunguliwa mlango, anaona maelfu ya barua, lakini hajui ipi ni ahadi na ipi ni maji yaliyopita. Taarifa nyingi huandikwa kwa orodha ya majukumu: “nashughulikia wateja, nafuatilia nyaraka.” Hayo mwenzake anayajua. Asichokijua ni nani anasubiri nini, tangu lini, na nini kitatokea asipokipata. Kila jambo lililo wazi lijibu maswali hayo, likifuatwa na mahali pa kuipata barua husika. Aya moja ya taarifa ya afisa wetu ingesomeka hivi:

“Kontena mbili za vigae, mteja wa Morogoro. Meli inatarajiwa Juni 14. Hati ya shehena na ankara tunazo. Orodha ya vifurushi nilimwomba muuzaji Juni 3, hajajibu. Tafuta ‘vigae Morogoro’ utaona barua. Asipojibu hadi Juni 10, mpigie mteja ambane yeye. Nilimwahidi mteja makadirio ya gharama kabla ya Ijumaa. Hili tulizungumza kwa simu, halimo kwenye barua yoyote.”

Sentensi ya mwisho ina thamani kuliko zote zilizotangulia. Kazi kubwa ya ofisi zetu hupita kwenye simu na makundi ya WhatsApp, na hakuna ruhusa ya barua pepe inayoweza kuyaonyesha hayo. Afisa anapoandika taarifa, anapitia barua alizotuma siku 30 zilizopita kwa kutafuta `from:me newer_than:30d`, akijiuliza kwa kila moja kama bado anangoja jibu. Kisha anapitia simu yake kwa swali hilohilo, na anamwingiza mwenzake kwenye makundi ya wateja. Taarifa yenyewe iwe hati ambayo wote wawili wanaweza kuihariri, ili anayekaimu aiendeleze na isibaki picha ya siku moja.

Mtoto hafuati kalenda ya ofisi, kwa hiyo yote haya yawe tayari wiki mbili hivi kabla. Siku hizo zilizobaki ziwe za majaribio: mwenzake anajibu barua, mwenye akaunti yupo pembeni na hagusi. Maswali yatakayoulizwa wakati huo ndiyo mapengo ya taarifa, na kila jibu liandikwe humo badala ya kusemwa tu.

Lipo jambo moja la hatari ambalo taarifa lazima ilitaje. Jibu la otomatiki linawaambia pia matapeli kwamba mhusika hayupo. Barua inayodai muuzaji amebadilisha akaunti ya benki, ikiwa na haraka na jina linalofahamika, inaweza kumnasa anayekaimu kwa kuwa hamjui muuzaji kwa sauti. Hivyo namba za simu za wauzaji wakubwa zinaandikwa kwenye taarifa, na badiliko lolote la akaunti linathibitishwa kwa namba hizo, kamwe si kwa namba iliyo ndani ya barua hiyo.

Afisa anaporudi, anaanza na ile hati, si na sanduku. Anakaa na mwenzake wanapitia yaliyo wazi, kisha anazima jibu la otomatiki, anafuta kichujio cha ankara na kumwondoa mwenzake kwenye `Grant access to your account`. Kabla ya kufunga ukurasa wa mipangilio anasoma vichujio vyote vilivyomo pamoja na anwani za usambazaji, kwa sababu wezi wa akaunti hupenda kuacha kanuni ya siri inayowapelekea nakala za barua. Akikuta asichokiweka yeye wala mwenzake, anakipiga picha, anakifuta, anabadili nywila na kumtaarifu msimamizi wa mfumo siku hiyohiyo.