Fedha imetoka Nairobi, Mang'ola haijafika: iko wapi?

Ni Ijumaa jioni. Fuso lenye magunia ya vitunguu kutoka Mang'ola, wilayani Karatu, limeegeshwa Namanga upande wa Tanzania. Dereva anasubiri neno moja tu kutoka kwa mwenye mzigo: vuka. Mwenye mzigo naye anasubiri fedha. Mnunuzi aliyeko Nairobi anaapa kwamba ametuma, na salio lake limepungua kweli. Muuzaji anaapa kwamba hajapata kitu, na salio lake kweli halijaongezeka. Hakuna anayedanganya hapo, lakini ikifika saa moja usiku watakuwa wameshaitana matapeli.

Mfano huu ni wa kutungwa, pamoja na kiasi na viwango vya kubadili fedha vinavyofuata, lakini mfanyabiashara yeyote anayepitisha mzigo Namanga, Sirari au Holili ataitambua hali hiyo. Tangu mwaka 2015, mtu mwenye M-Pesa ya Safaricom ya Kenya ameweza kumtumia fedha mwenye M-Pesa ya Vodacom ya Tanzania moja kwa moja kwenye simu. Jina ni moja, ndiyo maana wengi hudhani ni mfuko mmoja. Ukweli ni kwamba ni daftari mbili, za kampuni mbili, katika nchi mbili zenye sarafu mbili. Muamala unaokwama huwa umekwama kati ya daftari hizo.

Fedha hupita wapi

Mnunuzi anapobonyeza namba yake ya siri, daftari la Kenya humkata kwanza. Kiasi hicho hakiruki kwenda Tanzania papo hapo. Huwekwa pembeni, kwenye akaunti ya kampuni, kikiwa kimefungwa. Kisha ombi hutumwa upande wa pili, likiwa limeshabadilishwa kuwa shilingi za Tanzania: mwekee mwenye namba hii kiasi hiki. Kutegemea njia iliyotumika, katikati huweza kuwapo kampuni au benki inayounganisha mitandao na kubadili sarafu. Daftari la Tanzania hukagua kama namba ipo, kama imesajiliwa na kama akaunti inaruhusiwa kupokea kiasi hicho, halafu huongeza salio na kurudisha jibu: tayari. Jibu likifika Kenya, muamala hufungwa.

Safari yote hiyo kwa kawaida huchukua sekunde chache. Shida huanza jibu lisiporudi. Daftari la Kenya halijui kama ombi lilipotea njiani, au lilifika, fedha ikaingia, na kilichopotea ni jibu. Kwa hiyo muamala huandikwa kuwa unasubiri, neno ambalo kwenye skrini nyingi husomeka Pending. Haukufaulu na haukushindwa.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi hulalamika: kwa nini wasirudishe fedha mara moja? Sababu ni ya kihesabu. Kama fedha ilishaingia Tanzania na kilichopotea ni jibu tu, kumrudishia mtumaji kutafanya kiasi kilekile kiwe mifukoni mwa watu wawili, na aliyepokea huenda ameshatoa kwa wakala. Kwa hiyo kampuni hungoja hadi kumbukumbu za pande zote mbili zilinganishwe. Muamala wa Jumatatu asubuhi una bahati kuliko wa Ijumaa jioni, hasa pale ambapo lazima mtu, si mashine, aangalie orodha na kuamua.

Kwa sababu hiyohiyo, mtumaji asitume mara ya pili. Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Muamala wa kwanza ukijifungua usiku, muuzaji atakuwa na malipo mawili, na kudai fedha iliyovuka mpaka ni kazi ngumu kuliko kuisubiri.

Kila mmoja aangalie daftari lake

Turudi kwa watu wetu wawili. Mnunuzi alituma shilingi 60,000 za Kenya. Simu yake inaonyesha 4:12 PM, yaani saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Tuseme kiwango cha siku hiyo kilikuwa shilingi 19 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Muuzaji basi asitafute 60,000 katika simu yake. Anachotafuta ni 1,140,000. Wapo waliopoteza saa nzima wakimwambia mhudumu wa simu kiasi cha upande wa pili, naye akawajibu kwa haki kabisa kwamba muamala huo haupo.

Hatua ya kwanza kwa mtumaji ni kuangalia salio na orodha ya miamala, si ujumbe peke yake. Kenya menyu ya M-Pesa hufunguliwa kwa *334#. Atafute namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kumi inayokaa mwanzoni mwa ujumbe wa M-Pesa, na aangalie namba ya simu aliyotumia, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na 255 ya mwanzo. Namba ikiwa imekosewa tarakimu moja, basi hakuna kilichokwama: fedha imefika, ila kwa mtu mwingine. Hilo ni shauri jingine, na huombewa kurejeshwa upesi kabla aliyepokea hajaitoa.

Mpokeaji naye afungue *150*00#, aangalie salio, kisha miamala ya mwisho. Asingoje ujumbe. Ujumbe mfupi husafiri kwa njia yake, na mtandao ukielemewa, kama unavyoelemewa mara nyingi jioni za mpakani, fedha inaweza kuwa ndani huku ujumbe ukichelewa. Ajihakikishie pia kwamba laini aliyompa mnunuzi ndiyo iliyo na M-Pesa. Wenye simu ya laini mbili huchanganya hapa kuliko wanavyokiri.

Kwa wanaofanya biashara na Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo kuna jambo dogo la kuongeza. Saa zao ziko nyuma kwa saa moja. Muamala wa saa kumi jioni Kahama utaonekana wa saa tisa Kigali, na anayetafuta kwa saa asipolijua hilo ataambiwa hakuna kitu.

Maswali ya kumuuliza mhudumu

Daftari zikishaonyesha kwamba huku imetoka na kule haijaingia, anayepiga simu kwanza ni mtumaji, kwa kampuni yake mwenyewe. Ndiyo iliyomkata, na ndiyo yenye muamala. Muuzaji wa Mang'ola akianza yeye kupiga Vodacom na kuwasomea namba ya muamala ya Kenya, huenda mhudumu asione chochote, kwa sababu namba hiyo ni ya daftari la Safaricom.

Mnunuzi asiishie kuuliza "fedha yangu iko wapi". Aulize mambo mawili. Je, ombi lilitoka kwenda upande wa pili, na lilipata jibu gani? Na je, ni namba gani ya kumbukumbu waliyopewa au waliyotumia na mshirika wao? Namba hii ya pili ndiyo ufunguo, maana ndiyo ambayo daftari zote mbili zinaweza kuitambua. Aombe pia namba ya lalamiko lake, aiandike pamoja na saa, ili anayepokea simu kesho asianze upya.

Muuzaji sasa anaweza kupiga kwa kampuni yake akiwa na kitu mkononi: namba hiyo ya kumbukumbu, namba yake ya simu, kiasi cha 1,140,000 na saa. Atapata moja ya majibu matatu. Likiwa "imeingia", atazame salio tena. Huenda lilikatwa deni la mkopo wa simu, jambo linalowashangaza wengi. Likiwa "ilifika tukaikataa", aulize sababu, kwa mfano akaunti imefikia kikomo cha salio au usajili wa laini una kasoro, na fedha itakuwa njiani kurudi Kenya. Likiwa "hatujawahi kuona ombi hilo", basi fedha haijaondoka upande wa Kenya au iko kwa aliye katikati, na mwenye kazi ya kuitafuta ni kampuni ya mtumaji.

Katika mfano wetu jibu ni hilo la tatu. Mnunuzi anaipeleka taarifa hiyo kwa kampuni yake, inaongezwa kwenye lalamiko, na kinachobaki ni kusubiri.

Katika kusubiri huko ndipo matapeli huingia. Anayelalamika mitandaoni akiweka namba yake ya muamala hupigiwa simu haraka ajabu na "huduma kwa wateja", kwa namba ya kawaida, akiombwa namba ya siri ili "kusukuma" muamala. Muamala haufunguliwi kwa namba ya siri ya mteja. Muuzaji naye ana hatari yake: ujumbe aliotumiwa au picha ya skrini ya mnunuzi si malipo. Ni ushahidi kwamba huku imetoka, basi. Fuso livuke pale salio lake mwenyewe litakapoongezeka, au pale alipoamua kwa hiari yake kumkopesha mnunuzi huyo anayemfahamu.

Siku zikipita kampuni isijibu, mtumaji anaweza kuandika kwa Benki Kuu ya nchi yake, inayosimamia watoa huduma hawa. Kenya chini ya sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2011, Tanzania chini ya ile ya 2015. Barua iwe na namba ya lalamiko na tarehe. Bila hizo ataulizwa kwanza kama alishawahi kulalamika kwa kampuni.

Tuseme fedha inarudi Jumamosi asubuhi. Mnunuzi anapata ujumbe mpya wenye namba mpya, na 60,000 yake iko kwenye salio. Sasa anaweza kutuma tena, na safari hii anaanza na shilingi 500 za kujaribia kabla ya kutuma iliyobaki. Lakini kiwango kimeshuka hadi 18.8. Kiasi kilekile sasa kinafika Mang'ola kama 1,128,000, pungufu ya 12,000 kabla ya kuhesabu ada ya pili na usiku mmoja wa dereva Namanga. Kampuni ikirudisha fedha hurudisha ilichokata, kwa sarafu iliyokata. Hasara ya kiwango huwabakia wenyewe. Wazoefu huimaliza kabla mzigo haujapakiwa, kwa kukubaliana bei ya gunia kwa sarafu ya muuzaji, na kwamba pengo lolote la kiwango litajazwa na anayetuma.