Barua ya Mhasibu: Kompyuta Ikague Ada Usiku

Mkuu wa Shule,
Tukuyu.

YAH: UKAGUZI WA MABAKI YA ADA KILA USIKU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Shule za serikali zilifutiwa ada mwaka 2016, lakini sisi wa binafsi tunaendeshwa kwa ada, na wazazi wetu huilipa kidogo kidogo kadiri chai na ndizi zinavyowalipa. Mzazi anaweka 150,000 kwa wakala kule Kiwira Jumatatu. Mimi naioanisha na leja Ijumaa. Siku zote hizo mtoto anasomeka mdaiwa.

Naomba kompyuta ya ofisi ifanye kazi hiyo saa 8 usiku, kwa kutumia faili la taarifa ya benki nitakaloliweka jioni. Amri yake ni hii:

```
0 2 * * * /home/ada/kagua.sh
```

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ndiyo maana ni 2. Atakayeandika 8 ataikuta inaanza saa 2 asubuhi, wazazi wamejaa dirishani.

Malipo yataoanishwa kwa namba ya mwanafunzi, kamwe si kwa jina. Huku Rungwe darasa zima laweza kuwa la akina Mwa-, na mjomba aliyelipa huandikisha jina lake mwenyewe. Malipo yasiyo na namba yatawekwa kando, niyafuatilie mimi kwa slipu. Kila muamala pia una kumbukumbu namba ya benki. Ikiwa imeshahesabiwa, unarukwa. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati, kazi inaweza kurudiwa bila mtu kuhesabiwa malipo mara mbili.

Kabla ya yote, hesabu ijithibitishe. Tuseme akaunti ilianza siku na 2,140,000, makato ya benki ni 12,000, na benki inasema zimebaki 2,908,000. Basi zilizoingia lazima ziwe 780,000. Programu ikisoma 630,000, kuna mstari wa 150,000 imeuruka. Hapo isimame, iandike pengo hilo, isitoe ripoti ya mabaki.

Mipaka ninayoomba uiidhinishe: leja iisome tu, kuandika humo kubaki kwangu. Isitume ujumbe kwa mzazi wala kuandaa orodha ya kurudishwa nyumbani, kwa sababu haijui kwamba mzazi fulani ulimpa muda hadi mavuno. Ripoti iishie kwako na kwangu, isibandikwe ubaoni. Madeni ya familia ni taarifa binafsi, na Sheria ya mwaka 2022 inazilinda.

Umeme usipokuwepo saa 8, kazi ya usiku huo haifanyiki na kompyuta haitaifidia asubuhi. Kwa hiyo tazama tarehe ya ripoti kwanza. Ikiwa ni ya jana, aliyelipa baadaye hayumo humo, na asiulizwe deni hadi nimekagua kwa mkono.

Naomba tuanze na Kidato cha Kwanza, muhula mmoja, nikiendelea na ulinganishi wangu wa Ijumaa.

Mhasibu wa Shule