Kilichobaki Nje ya Mkate

Wengi wenu mnaijua sudoku ya kawaida: jedwali la vyumba 81, na kila safu ya mlalo, kila safu ya wima na kila boksi la vyumba tisa lazima liwe na tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia. Safari hii tunawaletea ndugu yake, sudoku ya sandwichi. Hapa Uingereza ilipata wapenzi wengi mwaka 2019, kupitia Simon Anthony na Mark Goodliffe wa chaneli ya YouTube iitwayo Cracking the Cryptic.

Sheria inayoongezeka ni moja tu. Nje ya jedwali, pembeni mwa safu, huandikwa namba. Namba hiyo ni jumla ya tarakimu zilizo kati ya 1 na 9 katika safu hiyo. Basi 1 na 9 ndizo vipande viwili vya mkate, na zilizo katikati ni kitoweo. Dokezo likiwa 0, mkate hauna kitoweo: 1 na 9 zimekaa jirani.

Anayeanza mchezo huu hukimbilia madokezo madogo, kwa kuwa kujumlisha namba ndogo ni rahisi. Lakini dokezo kama 8 lina njia tatu: 8 peke yake, 2 na 6, au 3 na 5. Mkate wenyewe unaweza kuwa karibu popote kwenye safu. Sisi tumeona kwamba madokezo makubwa ndiyo yanayosema zaidi, mradi uyasome kutoka nje.

Sababu yake ni hii. Tarakimu zote tisa zikijumlishwa ni 45. Ondoa mkate, yaani 1 na 9, zinabaki 35. Kwa hiyo kitoweo na vilivyoachwa nje ya mkate, vikiwekwa pamoja, ni 35 siku zote. Ukitoa dokezo kutoka 35, unapata jumla ya vilivyo nje.

Tuchukue safu ya mlalo yenye dokezo 30. Kutafuta kitoweo cha 30 ni kazi. Lakini 35 kutoa 30 ni 5, na 5 hupatikana kwa njia mbili tu: ama 5 iko nje peke yake, ama 2 na 3 ziko nje pamoja. Ikiwa ni 5 peke yake, kitoweo kina tarakimu sita, na mkate uko chumba cha 1 na cha 8, au cha 2 na cha 9. Ikiwa ni 2 na 3, kitoweo kina tarakimu tano, na mkate uko 1 na 7, 2 na 8, au 3 na 9. Kwa vyovyote, vyumba vya 4, 5 na 6 ni kitoweo. Hata kabla ya kuandika tarakimu moja, tunajua kwamba katika boksi la katikati, 1 na 9 hazimo kwenye safu hii.

Sasa tuseme 2 imeshaandikwa katika chumba cha 5. Basi 2 iko ndani ya mkate, na ile njia ya 2 na 3 kuwa nje imekufa. Iliyo nje ni 5 peke yake, nayo iko chumba cha 1 au cha 9. Tukiitazama safu ya wima ya kwanza, tunakuta 5 imeshakaa kwingine humo. Hivyo 5 ya safu yetu iko chumba cha 9, na mkate uko 1 na 8.

Ni upande upi wenye 1, na upi wenye 9? Hapa dokezo linanyamaza, maana jumla ni ileile ukigeuza mkate. Wengi huiweka 1 kushoto kwa mazoea ya kuhesabu, na jedwali zima huja kugoma mwishoni. Jibu litoke kwenye safu za wima. Tuseme ile ya 8 ina 9 tayari. Basi chumba cha 8 ni 1, na safu inasomeka hivi:

```
9 . . . 2 . . 1 5
```

Vyumba vitano vilivyobaki ni vya 3, 4, 6, 7 na 8. Ukizijumlisha pamoja na 2, unapata 30. Mpangilio wao utaamuliwa na safu nyingine.

Jaribuni wenyewe dokezo la 33: nje kuna nini, na mkate unaweza kukaa wapi? Na mkikutana na 34, msihangaike. Nje ingebidi ibaki 1, na 1 ni mkate. Aliyelitunga fumbo hilo ndiye aliyekosea hesabu.