Je, Wajua? Mimba ya Mbuzi Huanza Kusomwa Siku ya 21

Katika vijiji vya Obokote, ndani ya msitu wa Maniema, mbung'o huwasumbua sana ng'ombe. Kwa hiyo mnyama wa kawaida uani ni mbuzi mfupi wa msituni, ambaye hushinda akijitafutia malisho pamoja na mabeberu. Mara nyingi hakuna mtu aliyeona jike akipandwa. Basi mwenye mbuzi atajuaje kama jike huyo ana mimba?

Je, wajua kwamba beberu anaweza kukuandikia tarehe?
Saga udongo mwekundu, uchanganye na mafuta ya mawese hadi uwe mzito, kisha umpake beberu kifuani. Rudia kila baada ya siku mbili, maana rangi hufutika. Jike aliyepandwa atarudi jioni na doa jekundu juu ya kiuno. Hapo chora alama ya kwanza ukutani kwa mkaa.

Tuseme doa limeonekana tarehe 3 Machi. Baada ya siku 17, badilisha rangi: tumia unga wa mkaa badala ya udongo. Mbuzi asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi, yaani karibu na tarehe 24 Machi. Akirudi na doa jeusi, mimba haikushika, nawe unahesabu upya. Asipopata doa, subiri pia tarehe 14 Aprili, siku ya 42. Akipita zote mbili bila doa, matumaini ni makubwa.

Je, wajua kwamba kukosa joto si uthibitisho?
Mbuzi aliyekonda au anayenyonyesha anaweza kukaa bila joto ingawa hana mimba. Tena kuna mimba ya maji: nyumba ya uzazi hujaa maji tu, joto hukoma, tumbo hukua kama la mjamzito, na mwisho maji humwagika bila mtoto. Kwa macho huwezi kuitofautisha na mimba ya kweli. Daktari wa mifugo mwenye mashine ya ultrasaundi huitambua, na mimba halisi huionyesha kuanzia karibu mwezi mmoja. Kuna sindano ya kuondoa maji hayo, lakini sindano hiyohiyo huangusha mimba ya kweli. Ndiyo maana haidungwi kwa kubahatisha.

Je, wajua kwa nini ng'ombe hupimwa kwa mkono, mbuzi hapana?
Ng'ombe ni mpana. Mpimaji huvaa glovu ndefu iliyolainishwa, huingiza mkono katika njia ya haja kubwa, na kupapasa nyumba ya uzazi iliyo chini yake. Aliyezoea hutambua mimba ya siku 40 hivi. Wengi huwa na uhakika zaidi baada ya miezi miwili. Kuanzia mwezi wa nne, mshipa mkubwa wa damu unaolisha nyumba ya uzazi hutetemeka chini ya kidole, kama maji yanayopita kwa kasi ndani ya mpira.

Kwa mbuzi mkono hauingii, kwa hiyo hupimwa kwa nje. Siku ya 100, yaani tarehe 11 Juni kwa mbuzi wetu, simama naye akiwa ametulia. Weka ngumi chini ya tumbo upande wa kulia, kwa kuwa kushoto kumejaa tumbo la majani. Sukuma ndani taratibu, ulegeze bila kuondoa ngumi. Kitu kigumu kikirudi na kukugonga, huyo ni mtoto. Usipokihisi, usimhukumu kuwa tasa. Rudia baada ya wiki mbili. Kiwele kwa kawaida hujaa mwezi wa mwisho, kwa hiyo ni ishara ya kujiandaa kwa uzazi, si ya kupima mapema.

Je, wajua hesabu ya kumpandisha tena?
Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Aliyepandwa tarehe 3 Machi atazaa karibu na 31 Julai. Watoto wakinyonya miezi mitatu, arudi kwa beberu mwisho wa Oktoba, naye atazaa tena mwisho wa Machi. Kati ya uzazi na uzazi ni miezi minane: mara tatu kwa miaka miwili.

Ng'ombe hubeba siku 283. Toa hizo katika 365, zinabaki 82: ndani ya siku hizo lazima ashike mimba ili azae kila mwaka. Nyumba ya uzazi ikihitaji siku 45 hadi 60 kupona, nafasi iliyobaki ni ya joto moja au mawili tu.

Lakini kabla ya kufuata kalenda, pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo wa mnyama. Ukikuta mifupa imechomoza kama meno ya msumeno, mlishe kwanza. Alama ya ukutani isubiri joto linalofuata.