Tezi ya thairoidi chini ya hadubini: koloidi ionekanayo na seli C zinazojificha

Tezi ya thairoidi, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa na uzito wa takriban gramu 15 hadi 20 na hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, hutofautiana na tezi nyingine za homoni kwa jambo moja kubwa: akiba yake huwekwa nje ya seli zilizoitengeneza. Kongosho na pituitari hufungia homoni ndani ya chembechembe zilizomo katika saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini cha seli, ilhali thairoidi hukusanya malighafi ya homoni yake katika vifuko vidogo vilivyofungwa pande zote, na vifuko hivyo ndivyo vinavyoipa slaidi ya tezi hii sura ambayo ni vigumu kuichanganya na ya kiungo kingine chochote. Katika slaidi hiyohiyo, hata hivyo, mna seli za aina ya pili zisizohusika kabisa na akiba hiyo, na kuzitambua kunahitaji uangalifu ambao sura nzuri ya vifuko humfanya mtazamaji ausahau.

Kipande cha tezi kilichotolewa kwa upasuaji hulowekwa kwanza katika fomalini ili kisioze, kisha huondolewa maji kwa alkoholi, huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, na nta ikishaganda hukatwa kwa mashine katika vipande vyenye unene wa mikromita 4 au 5, mikromita moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Vipande hivyo hutiwa rangi mbili zinazotumika katika karibu kila maabara ya patholojia, nazo ni hematoksilini, inayovipa viini vya seli rangi ya zambarau, na eosini, inayozipa protini rangi ya waridi. Chini ya lenzi ndogo ya hadubini huonekana duara nyingi za waridi zilizobanana, kubwa kwa ndogo, kila moja ikiwa imezungushiwa mstari wa viini vya zambarau. Kila duara ni foliko, jina la kitaalamu la kifuko cha thairoidi. Waridi iliyoijaza ni koloidi, ute mzito wa protini. Na mstari unaoizunguka ni safu moja tu ya seli zilizosimama bega kwa bega. Foliko nyingi za binadamu zina kipenyo cha takriban mikromita 200, ingawa zipo ndogo mno na zipo zinazokaribia milimita nzima, na kati yake hupita kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, ambayo chembe nyekundu zilizomo ndani yake, zenye upana wa mikromita 7 hivi, humpa mtazamaji kipimo cha bure cha kulinganishia ukubwa wa vitu vingine.

Sehemu kubwa ya koloidi ni thairoglobulini, protini nene inayotengenezwa na seli za ukuta wa foliko na kumwagwa ndani. Seli hizo hizo huvuta ayodini, madini joto ya kwenye chumvi, kutoka katika damu kupitia upande wake wa nje na kuipeleka upande wa ndani, ambako kimeng'enya kiitwacho thairopaoksidesi huibandika kwenye thairoglobulini na kuunganisha vipande vyake, hata homoni ikawepo tayari ikiwa bado imeshikiliwa na mwili wa ile protini. Mwili unapohitaji homoni, pituitari hutoa TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, na seli za ukuta hufanya safari ya kurudi: humeza matone ya koloidi, huyavunjavunja ndani yake, kisha huachilia kwenye kapilari thairoksini, yenye atomi 4 za ayodini, pamoja na kiasi kidogo cha homoni yenye atomi 3. Akiba iliyomo katika koloidi huweza kutosha kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na hii ni sababu kubwa inayomfanya mgonjwa mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi asipate nafuu kamili hadi baada ya majuma kadhaa ya kumeza kabimazoli, kwa kuwa dawa hiyo huzuia utengenezaji wa homoni mpya lakini haiigusi ile iliyokwisha kuhifadhiwa.

Kwa sababu koloidi hujazwa na kuchotwa na seli zilezile, urefu wa seli na hali ya koloidi husomwa pamoja. Foliko iliyotulia huwa na seli fupi, wakati mwingine bapa, na koloidi nzito yenye waridi iliyokolea, ilhali foliko iliyoamrishwa kwa nguvu huwa na seli ndefu zilizosimama kama nguzo, koloidi iliyopauka, na ukingo wenye vishimo vidogo vya mviringo palipo na seli zinazochota. Katika rovu la muda mrefu litokanalo na upungufu wa madini joto, ugonjwa uliojulikana sana katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea katika miaka ya 1990, slaidi huonyesha foliko zilizovimba kwa koloidi hata seli za ukuta zikalazwa bapa, na kandokando yake foliko ndogo zenye seli ndefu, kwa kuwa tezi iliyosumbuliwa miaka mingi haijibu kwa namna moja kila mahali. Ipo hadhari moja hapa ambayo vitabu huipita haraka: fomalini na alkoholi huikausha koloidi na kuifanya isinyae, hivyo nafasi nyeupe kati ya koloidi na ukuta mara nyingi ni kazi ya maabara wala si ya mwili. Nafasi ya kusinyaa huwa mstari laini unaofuata ukingo mzima, au nyufa zilizonyooka zinazoikata koloidi, ilhali vishimo vya uchotaji huwa vya mviringo, vimepangana mbele ya seli ndefu, na seli zikiwa bapa ni vigumu kuamini kwamba kuna uchotaji wowote.

Seli za aina ya pili huitwa seli za parafoliko, au kwa kifupi seli C, jina zililopewa na mtafiti Pearse mwaka 1966 kwa kuwa hutengeneza homoni ya kalsitonini. Mara nyingi hukaa ndani ya utando uleule mwembamba unaoifunika foliko kwa nje, zimejibana kati ya utando huo na seli za ukuta, bila kuifikia koloidi. Chache hukaa katika nafasi iliyo kati ya foliko na foliko. Ni kubwa kidogo kuliko jirani zake, na saitoplazimu yake imepauka. Katika mbwa huwa nyingi na huonekana waziwazi, jambo linaloeleza kwa nini picha nyingi za kufundishia hutoka kwa mnyama huyo, lakini katika binadamu ni sehemu ndogo mno ya seli zote za tezi, tena hazikutawanyika sawasawa, kwani nyingi hukusanyika katikati ya kila tawi la tezi, mahali ambapo theluthi ya juu hukutana na theluthi ya kati.

Kosa la kawaida hutokea hapa, na mfano wa slaidi moja unatosha kulionyesha. Kati ya foliko mbili kubwa huonekana kichungu cha seli kumi na kitu zilizopauka kiasi, zisizozunguka koloidi yoyote, na mtazamaji mwenye haraka huandika kwamba amepata seli C. Pengine ni kweli, lakini foliko ni tufe, na chungwa likikatwa katikati huonyesha ganda kama pete, ilhali likikwanguliwa pembeni kisu hutoka na ganda tupu. Vivyo hivyo kisu cha maabara kikipita kwenye ukuta wa foliko bila kufika ndani hutoa kisiwa cha seli za kawaida kisicho na koloidi. Hatua ya kwanza ni kulinganisha viini na saitoplazimu vya kisiwa hicho na vya ukuta wa foliko jirani, na vikifanana kabisa, shaka huelekea kwenye mkato wa pembeni. Hatua ya pili ni kukata vipande zaidi katika nta ileile: ikiwa kisiwa ni ukuta wa foliko, basi baada ya mikromita 40 au 50 za kwenda chini, yaani vipande kama kumi, koloidi hutarajiwa kuchomoza katikati yake, isipokuwa kisu kilikuwa tayari kinatoka nje ya foliko, hali ambayo hulazimu vipande vya juu vitazamwe pia.

Hatua ya tatu ndiyo inayokata shauri. Kipande hufunikwa na kingamwili iliyotengenezwa ili ishike kalsitonini peke yake, kisha huongezwa kemikali inayoacha rangi ya kahawia palipo na kingamwili hiyo, na seli C hujitokeza na vitone vya kahawia huku seli za foliko zikibaki wazi. Kingamwili dhidi ya thairoglobulini hutoa jibu la kinyume. Aliyetazama kwa rangi za kawaida pekee hana haki ya kusema kwamba kipande cha binadamu hakina seli C, na hata matokeo hasi ya kingamwili hayana maana kubwa kama kipande kilichukuliwa katika ncha ya chini ya tezi au katika daraja linalounganisha matawi mawili, ambako kwa kawaida seli hizo ni haba.

Kuhusu kazi yake, kalsitonini hupunguza kalsiamu katika damu kwa kuzizuia osteoklasti, seli zinazomega mfupa. Mtafiti Copp aliitambua homoni hii mwanzoni mwa miaka ya 1960 akidhani hutoka katika tezi za parathairoidi, zilizo nyuma ya thairoidi, na mwaka 1964 majaribio ya London kwa kutumia mbuzi yakaonyesha kwamba chanzo chake ni thairoidi yenyewe. Vitabu vingi vya shule huieleza kana kwamba ni nusu ya mizani ya kalsiamu, maelezo ambayo kwa binadamu mzima yametiwa chumvi. Mtu aliyeondolewa thairoidi yote hupewa thairoksini maishani lakini hapewi kalsitonini, na kalsiamu yake haipandi kwa kuikosa. Ikishuka baada ya upasuaji, lawama ni ya parathairoidi zilizojeruhiwa au kuondolewa.

Umuhimu wa seli C huonekana zaidi zinapozaa saratani, ile iitwayo saratani ya medula ya thairoidi, ambayo mwaka 1959 mtafiti Hazard na wenzake waliitenga kama ugonjwa wa aina yake. Slaidi yake haina foliko wala koloidi yake yenyewe, bali huwa na mafungu ya seli yaliyotenganishwa na amiloidi, protini iliyoganda ambayo kwa eosini huwa ya waridi na huweza kumdanganya mtazamaji kwamba ni koloidi, hadi itiwe rangi ya Kongo nyekundu na kutazamwa kwa mwanga uliochujwa, ambapo hung'aa kijani. Kwa kuwa seli C hazivuti ayodini, ayodini yenye mionzi, ambayo huweza kuua mabaki ya saratani nyingi zitokanazo na seli za foliko, haina kazi hapa, na matibabu hutegemea kwanza upasuaji, kisha kupima kalsitonini katika damu ili kujua kama kuna mabaki. Takriban robo ya wagonjwa wameurithi ugonjwa huu kupitia hitilafu katika jeni iitwayo RET, kwa hiyo jibu la slaidi linapotoka, damu ya mgonjwa huchunguzwa jeni hiyo, na hitilafu ikipatikana, ndugu zake na watoto wake huitwa nao wapimwe, kwa sababu aliyeirithi huweza kuondolewa thairoidi kabla saratani haijaanza, wakati mwingine akiwa bado mtoto mdogo.