Maneno Yanapotengana Bila Kunyamaza

Mwingereza akisema "nitrate", ile chumvi ya kemia inayotiwa kwenye mbolea, kisha akasema "night rate", yaani bei ya usiku, sauti anazotoa zinafuatana kwa mpangilio uleule: n, irabu ya ai, t, r, irabu ya ei, na t ya mwisho. Hata hivyo Mwingereza mwenzake huzitofautisha bila taabu, hata kama yuko chumba cha pili na haoni mdomo wa msemaji.

Wengi hudhani katikati ya "night rate" kuna kituo kidogo. Hakipo. Katika mazungumzo ya kawaida watu hawanyamazi kati ya neno na neno; nafasi nyeupe ni mambo ya karatasi. Ukirekodi maneno hayo na kuyatazama kwenye spektrogramu, picha inayoonyesha nguvu za sauti kadiri muda unavyopita, kimya unachokiona ni cha t yenyewe, pale ulimi unapoziba hewa. Kimya hicho kimo pia ndani ya "nitrate", na hilo ni neno moja.

Siri iko katika namna t hiyo inavyofunguliwa. Ndani ya "nitrate", t na r zinaanza silabi moja, kwa hiyo t inapasuka kwa pumzi. Pumzi hiyo inaimeza r: nyuzi za sauti huwa hazijaanza kutetemeka, na r inatoka kama mkwaruzo wa hewa tu. Mswahili anayesikiliza kwa makini atasikia kitu kinachokaribia ch. Kwenye "night rate" mambo ni mengine. T inafunga neno, haitoi pumzi, na mara nyingi haipasuki kabisa. Waingereza wengi huibana kooni. R inayofuata inaanza neno jipya, hivyo inakuja na mtetemo wake mzima.

Pumzi hii si ngeni pwani. Wazee wa Mombasa na Lamu hutofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa p: ya mnyama ina pumzi, ya nyumba haina. Kwao pumzi hutenga maana. Kwa Mwingereza hutumika pia kuonyesha neno linaanzia wapi.

Wanaisimu hupenda kuongeza mwenzi wa tatu, "Nye trait", yaani tabia ya mtu aitwaye Nye. Hapa t ina pumzi kama ya "nitrate", lakini irabu ya ai imerefuka, kwa kuwa iko mwisho wa neno na hakuna t ya kuikatiza.

Wataalamu wa Marekani wa katikati ya karne iliyopita walihangaika sana na jambo hili. Mwaka 1951 George Trager na Henry Lee Smith waliuhesabu mpaka huo, waliouita mpaka wazi, kuwa fonimu kamili, wakauandika kwa alama ya kujumlisha. Ilikuwa fonimu ya ajabu: haina sauti yake yenyewe, inajulikana tu kwa athari zake kwa majirani. Mwaka 1960 Ilse Lehiste, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani, alipima jozi kama hizi kwa mashine na kuonyesha kwamba dalili ziko kwenye sauti zenyewe: urefu, pumzi, mtetemo.

Dalili hizo si za kuaminika daima. Mtu akisema haraka, "an aim", lengo fulani, na "a name", jina fulani, hukaribiana mno, na msikilizaji hubaki akitegemea muktadha. Kosa likirudiwa na wengi, lugha yenyewe hubadilika: "apron", aproni ya jikoni, zamani ilianza kwa n, ila n hiyo ilichukuliwa na neno dogo lililotangulia.

Kiswahili kina njia nyingine. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo anayeusikia anajua kwamba bado silabi moja tu neno liishe. Mama mwenye haraka akiagiza "Wali, leta!", mkazo unaangukia wa na le. Akisimulia kwamba wageni "walileta", wa haina mkazo. Umebaki le peke yake.

Njia hiyo inakwama kwenye maneno ya silabi moja yasiyobeba mkazo. "Si mama" na "simama", kwa usemi wa kawaida, zote zina mkazo kwenye ma ya kwanza, na sikio halipati dalili ya kushika. Ndiyo maana walimu wa shule za msingi hawaishi kusahihisha madaftari yenye "ni nakwenda" na "si jui": mtoto ameandika alichosikia, na katika alichosikia hakuna kinachomwambia kama ni ni neno au ni kipande cha neno.