Kuifuta Mvua kwenye Shoti bila Kumfuta Fundi

Fundi cherehani ameketi barazani, mashine mbele yake na kitambaa cha khanga mikononi. Kamera iko ng'ambo ya barabara, imefungwa kwenye tripodi, inapiga fremu 25 kwa sekunde. Katikati ya kazi mvua inashuka. Jioni, mhariri anapofungua video hiyo, anakuta michirizi myeupe imekatiza uso wa fundi, ukuta na mlango wa duka. Kurudia kupiga haiwezekani, na kuifuta mvua kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine, ni kazi ya wiki nzima.

Ipo njia ya kuiondoa kwa kompyuta ambayo ni nyepesi kuelewa. Inaitwa kichujio cha mediani ya wakati. Inafanya kazi vizuri sana mahali pake, na inaharibu vibaya sana mahali pasipo pake. Ili kujua lini uitumie, kwanza uielewe mvua yenyewe inavyoonekana na kamera.

Tone la mvua lenye upana wa milimita 2 huanguka kwa kasi ya takriban mita 6.5 kwa sekunde. Shata ya kamera ikiwa wazi kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, tone hilo husafiri kama sentimita 13 kabla shata haijafunga. Ndiyo maana kamera haioni tone; inaona mstari. Fremu inayofuata inapoanza kupigwa, tone limekwishashuka sentimita 13 nyingine gizani, kwa hiyo mstari wake mpya unachorwa chini zaidi, pasipogusana na ule wa kwanza. Tone moja, basi, huligusa doa moja la picha katika fremu moja tu, kisha halirudi tena.

Jambo la pili ni rangi yake. Mwaka 2004 watafiti Kshitiz Garg na Shree Nayar wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha kwamba tone la mvua hufanya kazi kama lenzi pana mno: hukusanya mwanga kutoka pembe ya nyuzi 165 hivi, sehemu kubwa ukitoka angani. Kwa hiyo mchirizi karibu kila mara huwa mweupe kuliko kitu kilicho nyuma yake, isipokuwa nyuma yake kukiwa na anga lenyewe.

Sasa tuchukue pikseli moja tu, yaani doa moja dogo la ukuta nyuma ya fundi. Mwangaza wa pikseli hupimwa kwa namba, ambapo 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe kabisa. Tukilifuata doa hilo katika fremu tano mfululizo tunapata 92, 94, 171, 93 na 95. Ukuta haujabadilika, zile tofauti ndogo ni chembechembe za kawaida za kamera. Ile 171 ndiyo mvua.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuchukua wastani. Ukizijumlisha namba hizo unapata 545, na ukigawa kwa 5 unapata 109. Mvua haikuondoka, imesambazwa tu: ukuta umekuwa na ukungu. Mediani haijumlishi chochote. Inazipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, 92, 93, 94, 95, 171, kisha inachukua ile ya katikati, 94. Hiyo ni rangi halisi ya ukuta. Na hata kama mvua ingekuwa 250 badala ya 171, jibu lingebaki 94, kwa sababu namba iliyoko pembeni haina sauti, hata iwe kubwa kiasi gani. Kompyuta hurudia hesabu hiyo kwa kila pikseli na kwa kila fremu, ikitazama fremu kadhaa za kabla na kadhaa za baada.

Idadi ya fremu zinazotazamwa upande mmoja huitwa radiasi. Radiasi 1 ina maana ya fremu tatu, radiasi 2 ni tano, radiasi 3 ni saba. Hapo inatoka kanuni inayotawala kazi yote: kitu kinachokaa juu ya pikseli kwa fremu nyingi kuliko radiasi kitabaki, kinachokaa kwa fremu zilizo sawa na radiasi au pungufu kitafutwa. Kichujio hakijui mvua ni nini wala fundi ni nani. Kinajua muda tu.

Mvua ikiwa nyepesi, radiasi 1 inatosha. Ikiwa nzito, matone tofauti huanza kupita juu ya pikseli ileile. Tuseme kila doa linapigwa na mvua katika fremu moja kati ya tano. Kwa fremu tatu, karibu asilimia 10 ya madoa yatabaki na mvua, kwa kuwa katika hayo mvua ndiyo iliyo wengi. Kwa fremu tano inashuka hadi karibu asilimia 6, na kwa fremu saba hadi asilimia 3 hivi. Mvua ikizidi mpaka kila doa linalowa zaidi ya nusu ya muda, mediani itakuletea mvua badala ya ukuta, na kuongeza fremu hakutasaidia. Vilevile mvua ya mbali, ile inayoonekana kama pazia la kijivu na si michirizi, haitaguswa. Ile ni kazi ya kurekebisha rangi na ukolezo wa picha.

Kwa shoti ya fundi wetu, radiasi 2 ni mahali pazuri pa kuanzia. Programu ya bure ya FFmpeg ina kichujio hiki kwa jina la `tmedian`, na amri yake ni fupi:

```
ffmpeg -i mvua.mov -vf tmedian=radius=2 -an -c:v prores_ks safi.mov
```

Sehemu ya `-an` inaiacha sauti nje, ili uirudishe kutoka faili la asili wakati wa kuhariri. Kabla ya kuendelea, weka video mpya juu ya ile ya zamani na uhakikishe zinakwenda sambamba. Kwa kuwa kichujio kinasubiri fremu za mbele, picha inaweza kusogea kwa fremu chache, nawe utalazimika kuirudisha. Fremu za mwanzo kabisa na za mwisho kabisa zitupe, maana hazina majirani wa pande zote mbili. Kwa hiyo mpiga picha aanze kurekodi sekunde moja mapema na kuzima sekunde moja baadaye.

Ukicheza matokeo, ukuta ni safi na mlango ni safi. Lakini mtazame fundi. Vidole vyake, vyenye upana wa pikseli 30, vinaposukuma kitambaa kwa kasi ya pikseli 20 kwa fremu, hukaa juu ya kila doa kwa fremu moja na nusu hivi. Radiasi ni 2, kwa hiyo vidole vimefutwa pamoja na mvua. Vinatoweka anapovisogeza na kuibuka anapotulia. Gurudumu la mashine linapoteza mikono yake, ncha ya sindano inapotea na kurudi, na fundi akipepesa jicho haraka, jicho halifumbi.

Makosa haya hayaonekani kila mara kwa kutazama tu, na njia ya kuyakamata ni kutoa. Weka video safi juu ya ya asili, kisha chagua hali ya `Difference` kwenye leya ya juu. Kinachobaki juu ya weusi ni kile tu kilichoondolewa. Kama ni michirizi mitupu, kazi ni njema. Ukiona umbo la mkono, midomo au pindo la kitambaa, umefuta kilichokuwa chako.

Dawa ya kwanza inatumia ule weupe wa mvua. Badilisha hali ya leya ya juu iwe `Darken`. Sasa, kwa kila doa, programu itachagua lililo jeusi zaidi kati ya video mbili. Palipokuwa na mvua, video safi ndiyo nyeusi zaidi, nayo inashinda. Mkono mweusi ulipopita mbele ya ukuta mweupe, video ya asili ndiyo nyeusi zaidi, kwa hiyo mkono unarudi. Hila hii haiokoi kitu cheupe kinachopita mbele ya kitu cheusi, kama ukosi wa kanzu mbele ya mlango wa giza. Hapo unachora maski kuzunguka eneo hilo, kingo zake ukizilainisha, na ndani yake unaiacha video ya asili. Michirizi michache itabaki juu ya mkono unaokwenda mbio, lakini jicho la mtazamaji linafuata mkono, haliihesabu mvua.

Vumbi linataka hesabu nyingine. Tuseme tumeingia ndani ya duka, mwale wa jua unapita dirishani, na vijivumbi vya pamba vinaelea mbele ya ukuta wa giza. Navyo ni vyeupe, lakini havina haraka. Kijivumbi chenye upana wa pikseli 12 kinachosogea pikseli 4 kwa fremu hukaa juu ya doa kwa fremu tatu, kwa hiyo radiasi 2 haitakigusa, inatakiwa 3. Kile kilicho karibu na lenzi, kikiwa kimetanuka hadi pikseli 30 na kusogea 3 tu, hukaa fremu kumi. Hicho kinadai radiasi 10, yaani fremu 21, karibu sekunde nzima. Hesabu hiyo inafaa kwa ukuta mtupu peke yake, hivyo mtu yeyote aliye kwenye shoti lazima awe nje ya eneo linalochujwa. Na doa linaloganda mahali pamoja kuanzia mwanzo wa shoti hadi mwisho si vumbi linaloelea. Liko kwenye kihisi cha kamera, na mediani haitaliona kamwe.

Haya yote yanadai kamera iliyotulia. Ikiwa ilishikwa mkononi, kila pikseli inatazama kitu tofauti katika kila fremu, na kichujio kitalainisha kingo na kula maandishi ya mbali. Tuliza shoti kwanza kwa programu, ndipo uchuje. Mwishoni, kwa kuwa mediani hufuta pia chembechembe za kamera, picha huonekana kama plastiki ikiwekwa kando ya shoti nyingine. Ongeza chembechembe kidogo mpaka zifanane.

Kwa hiyo usianze kwa kuchagua radiasi. Ikuze picha, chagua doa moja, na usogeze fremu moja moja huku ukihesabu: mvua inakaa fremu ngapi, na mkono unakaa fremu ngapi? Kama mkono unakaa zaidi, chuja shoti nzima. Kama namba hizo mbili zinalingana, chuja ukuta na umwache fundi na mvua yake.